Maneno ya Marehemu, Rekodi ya Mshtakiwa na Sifa za Mtaani: Mahakama Hukubali Kipi, na kwa Kazi Gani

Mwaka 1879 nchini Uingereza, mwanamke mmoja alitoka ghafla katika chumba alimokuwa na mwanamume aitwaye Bedingfield, koo lake likiwa limekatwa, akamwambia shangazi yake atazame alivyofanywa na Bedingfield. Dakika chache baadaye alikata roho. Kesi ilipofika mahakamani, Jaji Mkuu Cockburn alikataa maneno hayo yasisikike. Hoja yake ilikuwa kwamba yalitamkwa baada ya kitendo kwisha, kwa hiyo hayakuwa sehemu ya tukio lenyewe, na kwamba hayakuthibitishwa kuwa yalisemwa na mtu aliyekwisha kujua kwamba anakufa. Mshtakiwa, aliyedai kwamba mwanamke yule alijikata mwenyewe, alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, lakini uamuzi wa Cockburn uliwasumbua wanasheria kwa karibu karne nzima, hadi mahakama za juu za Uingereza zenyewe zilipoacha kuufuata.

Kama shauri hilo lingeletwa leo katika Mahakama Kuu ya Kenya, maneno yale yangepokewa bila mabishano marefu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinaruhusu kauli ya mtu aliyekwisha kufa kuhusu sababu ya kifo chake, au kuhusu mazingira ya tukio lililomletea kifo, awe alitarajia kufa au hakutarajia. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, ina kifungu cha namna hiyo hiyo, kwa kuwa nchi zote mbili zilirithi mpangilio wao kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo katika jambo hili iliachana na Waingereza mapema sana.

Naanza na shauri hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo mijadala yetu kuhusu kesi kubwa hulipuuza. Tunaposikia kwamba mahakama imekataa ushahidi fulani, tunadhani imeupima ikauona ni wa uongo, au imejificha nyuma ya ufundi wa kisheria ili kumlinda mhalifu. Mara nyingi si hivyo. Mahakama hukataa kazi ambayo ushahidi huo umeletwa kuifanya, na maneno yale yale, au rekodi ile ile, yanaweza kupokewa katika hatua nyingine ya kesi hiyo hiyo kwa kazi tofauti. Ndivyo ilivyo kwa ushahidi wa kusikia, ndivyo ilivyo kwa hatia za zamani, na ndivyo ilivyo kwa ushahidi wa tabia, ingawa vitabu huvitenga vitatu hivi katika sura tofauti. Hoja yangu ni kwamba kanuni hiyo ni nzuri, lakini katika mahakama zetu inavuja mahali pamoja mahususi, nami nitapafikia.

Tuanze na ushahidi wa kusikia. Kifungu cha 63 cha sheria ya Kenya kinadai kwamba ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona, la kusikika lisemwe na aliyelisikia. Sababu yake si kwamba maneno ya kuambiwa ni ya uongo siku zote. Sababu ni kwamba aliyeyasema hayupo kizimbani kuulizwa. Hakuna anayeweza kumwuliza alikuwa amesimama wapi, taa ilikuwa inawaka au imezimwa, alimfahamu mtu huyo kwa muda gani, na kama walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuleta ushahidi na kuupinga ule unaoletwa dhidi yake, na haki hiyo haina maana kama shahidi halisi ni mtu ambaye hakuna aliyemwona.

Lakini si kila neno lililosemwa nje ya mahakama ni ushahidi wa kusikia uliokatazwa. Mwaka 1956, Baraza la Rufani lililoketi London liliamua rufaa kutoka nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, ya mtu aliyeitwa Subramaniam, aliyeshtakiwa kwa kukutwa na risasi wakati wa hali ya hatari. Utetezi wake ulikuwa kwamba waasi walimkamata na kumlazimisha kwa vitisho. Jaji aliyesikiliza kesi alimkataza kueleza walichomwambia, akisema hiyo ni habari ya kusikia kwa kuwa waasi wenyewe hawakuitwa. Baraza lilibatilisha hukumu. Likasema kwamba maneno ya mtu asiyeitwa hukatazwa pale yanapoletwa ili mahakama iamini kwamba yaliyosemwa ni kweli, wala hayakatazwi yanapoletwa kuonyesha tu kwamba yalisemwa. Kwa Subramaniam, swali halikuwa kama waasi wangemwua kweli. Swali lilikuwa kama aliambiwa hivyo, na kama maneno hayo yalimtia hofu.

Tofauti hiyo hujitokeza karibu kila siku katika mahakama zetu pale afisa wa polisi anaposema, «Nilipata habari kutoka kwa raia mwema». Akisema hivyo ili kueleza kwa nini gari la polisi lilikwenda kwenye nyumba fulani saa tisa usiku badala ya nyumba ya jirani, hakuna ubaya. Anaeleza mwendo wake mwenyewe, na anaweza kuulizwa maswali juu yake. Akiendelea kusema kwamba raia mwema alimweleza kuwa mshtakiwa ndiye huuza bangi katika nyumba hiyo, amevuka mpaka, kwa sababu sasa anataka raia mwema aaminiwe bila kuletwa. Wakili makini husimama kabla sentensi haijafika mwisho. Mshtakiwa asiye na wakili hukaa kimya, na maneno hayo huingia katika kumbukumbu za hakimu kwa mwandiko ule ule ulioandika ushahidi halali. Na pale shahidi huyo wa siri angeweza kuitwa lakini hakuitwa, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema mwaka 1972, katika shauri la Bukenya kutoka Uganda, kwamba upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaita mashahidi wanaohitajika hata kama ushahidi wao hauwiani. Ushahidi ulioletwa ukiwa hautoshi, mahakama inaweza kudhani kwamba wale walioachwa wangesema jambo lisiloupendeza upande wa mashtaka.

Kauli ya marehemu ndiyo ruhusa nzito kuliko zote katika eneo hili, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa mtu anaweza kufungwa maisha kwa sababu yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mlinzi wa duka anachomwa kisu saa mbili usiku, nje ya duka ambalo taa yake ya nje imeungua. Anajikokota hadi kwa jirani na kusema, «Ni yule kijana wa bodaboda, mwenye pikipiki nyekundu, ndiye amenichoma». Jirani anamwita mke wa mlinzi, naye anaambiwa vilevile. Wakiwa njiani kwenda zahanati, mlinzi anarudia maneno hayo kwa dereva wa teksi, na akifika anamwambia tabibu. Anafariki alfajiri. Mashahidi wanne wanafika mahakamani, kila mmoja kwa wakati wake, wanasimulia kauli ileile, hakuna anayepingana na mwenzake. Kwa sikio la kawaida, huu ni ushahidi wa watu wanne.

Ni ushahidi wa mtu mmoja. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililisema hili waziwazi mwaka 1954 katika shauri la Jasunga, ambalo bado hunukuliwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ilieleza kwamba marehemu kuwaambia watu mbalimbali kuwa fulani ndiye aliyemshambulia ni uthibitisho wa uthabiti wa imani yake kwamba ni fulani, wala si dhamana kwamba imani hiyo ni sahihi. Ikaongeza kwamba tahadhari ya pekee inahitajika pale shambulio linapotokea gizani, ambapo kumtambua mtu ni kazi ngumu kuliko mchana. Mlinzi wetu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Alimwona mtu wa kimo fulani, akaona kitu chekundu, akakumbuka kijana waliyegombana naye wiki iliyopita, na jina likajijenga kichwani kabla damu haijaacha kutoka. Baada ya hapo atalirudia jina hilo kwa kila amwonaye, na kila kurudia kutalifanya liwe imara zaidi bila kuliongezea ukweli hata chembe.

Kwa hiyo maneno ya mlinzi yatapokewa. Kupokewa ni hatua ya kwanza tu, na hapa ndipo wasomaji wengi wa habari za mahakama hupotea. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Choge la mwaka 1985, ilishikilia kwamba si lazima kisheria kuwe na ushahidi mwingine wa kuunga mkono kauli ya marehemu ili mtu atiwe hatiani, lakini kwa kawaida si salama kumtia mtu hatiani kwa kauli hiyo peke yake. Basi jaji wa kesi yetu atauliza kama kuna kitu nje ya kinywa cha marehemu. Je, kisu kilipatikana? Je, damu iliyo kwenye koti la kijana ni ya nani? Je, kijana alitoroka usiku huo, au alikutwa asubuhi akiosha pikipiki yake mahali pa kila siku? Na pia atauliza kama mazingira yenyewe yanaondoa uwezekano wa kukosea. Mlinzi aliyechomwa na mtu waliyekuwa wakizungumza naye kwa nusu saa chini ya taa, anayemwita kwa jina na jina la baba yake, yuko mbali sana na yule aliyevamiwa gizani kutoka nyuma.

Jambo jingine la kuangalia ni maneno yenyewe yamefikaje. Jirani anayesema «alinitajia muuaji» hajaleta kauli, ameleta tafsiri yake ya kauli. Hakimu au jaji anahitaji maneno halisi, kwa lugha aliyoyasema marehemu, na anahitaji kujua kama yalitoka yenyewe au yalikuwa jibu la swali lililobeba jina ndani yake. «Ni Fulani aliyekuchoma?» na kichwa kikatikiswa, hiyo ni kauli dhaifu sana ikilinganishwa na jina lililotajwa na majeruhi bila kuulizwa. Nikisoma hukumu zilizobatilishwa katika rufaa, naona kwamba tatizo mara chache huwa ni kwamba kauli ilipokewa kimakosa. Tatizo ni kwamba jaji aliyeipokea hakuandika mahali popote kwamba alijitahadharisha, akahesabu mashahidi wanne kana kwamba ni macho manne yaliyoona.

Kuhusu nyaraka nitapita haraka. Fomu ya P3 anayojaza daktari baada ya kumpima majeruhi ni maneno ya nje ya mahakama, na kwa kanuni kali daktari huyo angepaswa kuja mwenyewe. Sheria ya Kenya inaruhusu ripoti za madaktari na wakemia wa serikali zipokewe kwa masharti, na daktari mwingine anayeufahamu mwandiko wa mwenzake aliyehamishwa au kwenda ng'ambo huweza kuiwasilisha. Mshtakiwa anabaki na haki ya kuomba mwandishi wa ripoti aitwe. Haki hiyo hutumiwa mara chache, na mara nyingi bila sababu ya kuitumia, kwa kuwa ubishi wa kesi si kama jeraha lipo, ni nani aliyelifanya.

Tugeukie sasa hatia za zamani na tabia, ambako sheria huelekea upande wa pili kabisa. Katika ushahidi wa kusikia hofu ni kwamba habari haina msingi wa kutosha. Katika hatia za zamani habari ina msingi imara mno: kuna hukumu, kuna tarehe, kuna alama za vidole. Hofu ni kwamba itaaminiwa kupita kiasi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba katika kesi ya jinai, ukweli kwamba mshtakiwa aliwahi kutenda kosa jingine, au kutiwa hatiani, au hata kushtakiwa tu, au kwamba ana tabia mbaya, haukubaliki, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Anayeshtakiwa kwa kuiba mbuzi Januari hathibitishwi kuwa mwizi wa mbuzi huyo kwa sababu aliiba ng'ombe miaka sita iliyopita. Polisi humfuata yule wanayemfahamu, na mtu mwenye rekodi hukamatwa kwa urahisi zaidi kuliko asiye nayo, kwa hiyo rekodi ikitumiwa tena kumtia hatiani, jambo moja litakuwa limehesabiwa mara mbili.

Kuna hali, hata hivyo, ambapo matendo mengine ya mshtakiwa yanasema kitu zaidi ya «huyu ni mtu wa namna hii». Shauri linalofundishwa kila mahali ni la mume na mke wa Sydney walioitwa Makin, lililoamuliwa katika Baraza la Rufani, na hukumu yake kuripotiwa mwaka 1894. Walikuwa wakiwachukua watoto wachanga kutoka kwa mama zao kwa ahadi ya kuwalea, wakipokea kiasi kidogo cha fedha ambacho kisingetosha kumtunza mtoto. Mwili wa mtoto mmoja ulipatikana umefukiwa uani kwao, na upande wa mashtaka ukaleta ushahidi kwamba miili ya watoto wengine ilipatikana katika viwanja vya nyumba nyingine walizowahi kupanga. Lord Herschell alianza kwa kukataa: huwezi kuleta makosa mengine ili mahakama ihitimishe kwamba mshtakiwa ni mtu anayeelekea kutenda kosa kama hili. Kisha akaruhusu: ushahidi hauharamishwi kwa sababu tu unafichua makosa mengine, kama unahusu swali lililo mezani, kwa mfano kama kifo kilikuwa cha bahati mbaya au cha kukusudiwa. Mtoto mmoja mchanga kufa mikononi mwa mlezi, katika karne ile, lilikuwa jambo la kawaida la kusikitisha. Watoto kadhaa, kutoka familia tofauti, kufukiwa kwa siri katika nyumba moja baada ya nyingine, si bahati mbaya tena.

Kifungu cha 15 cha sheria ya Kenya kinabeba wazo hilo: pale panapokuwa na swali kama kitendo kilikuwa cha ajali au cha makusudi, mfululizo wa matukio ya namna hiyo ambayo mtu huyo alihusika nayo unakubalika. Sheria ya India ya 1872 ilitoa mfano wa mtu anayeshtakiwa kuchoma nyumba yake ili alipwe bima, ikabainika kwamba aliishi katika nyumba kadhaa kwa kufuatana, zote zilikuwa na bima, zote ziliungua, na kila mara alilipwa. Jaribio la kupima ni rahisi kulitaja na gumu kulifuata: ondoa neno «tabia» katika hoja ya mwendesha mashtaka, uone kama kuna kitu kimebaki. Katika nyumba zilizoungua, kinabaki kikubwa. Katika mwizi wa ng'ombe na mbuzi, hakibaki kitu.

Mlango mwingine hufunguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Kifungu cha 56 kinamruhusu alete ushahidi wa tabia yake njema, naye anaweza kumwita imamu, mchungaji au chifu. Ushahidi huo una mipaka. Kwa kawaida shahidi wa tabia huulizwa sifa ya jumla ya mtu na mwelekeo wake, wala si kitendo kimoja kimoja, kwa hiyo mzee anayetaka kusimulia jinsi mshtakiwa alivyomrudishia pochi iliyodondoka sokoni atakatizwa hata kama kisa chake ni cha kweli. Lakini mshtakiwa akishajisifu, au akiwahoji mashahidi wa mashtaka kwa lengo la kuonyesha kwamba yeye ni mtu mwema, upande wa mashtaka unaweza kuitoa rekodi yake. Hali ni hiyo hiyo akimshambulia mlalamikaji au shahidi wa mashtaka katika tabia yake, au akitoa ushahidi dhidi ya mwenzake anayeshtakiwa naye kwa kosa hilo hilo. Pale sababu inapokuwa ni kushambulia mashahidi, sheria inampa hakimu hiari ya kuizuia rekodi kama madhara yake yataiharibu haki ya kesi kupita uzito wa mashambulizi yenyewe.

Kanuni hiyo inaonekana ya haki inaposomwa ofisini. Mtazame sasa fundi wa pikipiki anayeshtakiwa kwa wizi mbele ya hakimu, bila wakili, kama walivyo washtakiwa wengi katika mahakama za mahakimu. Zamu yake ya kujitetea inafika. Hajui kifungu chochote. Anasema kile ambacho binadamu yeyote husema akituhumiwa: «Mheshimiwa, mimi ni mtu wa watu, sijawahi kugusa mali ya mtu tangu nizaliwe, na huyu askari ananichukia kwa sababu nilikataa kumpa kitu kidogo». Katika sentensi moja amefungua milango miwili. Amejisifu, na amemtuhumu shahidi wa mashtaka kwamba ni mla rushwa. Mwendesha mashtaka mwenye faili mkononi anaweza kusimama na kumwuliza kuhusu kifungo cha miezi minane alichokitumikia zamani. Kama angesema tu, «Askari huyu anasema uongo, sikuwapo», huko kungekuwa kukana mashtaka kwa nguvu, na kukana hakuhesabiwi kuwa shambulio juu ya tabia. Tofauti kati ya kauli hizi mbili ni ya maneno machache, nayo inaweza kuamua kesi.

Kwa maoni yangu hakimu anapaswa kumweleza mshtakiwa asiye na wakili, kabla hajaanza kujitetea, kwamba akizungumzia sifa zake au sifa za mashahidi, upande wa mashtaka utaruhusiwa kuzungumzia zake. Ni sentensi mbili, zinaandikwa katika mwenendo wa kesi, na hazimsaidii mwongo kudanganya. Zinamsaidia mtu kuchagua akijua anachagua nini. Anayesema kwamba hiyo si kazi ya mahakama anasahau kwamba mahakama hiyo hiyo humweleza mshtakiwa haki yake ya kukaa kimya.

Inafaa pia kutaja kwamba sheria haimlindi mshtakiwa peke yake. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 kinakataza kuuliza maswali au kuleta ushahidi juu ya maisha ya kimapenzi ya mlalamikaji nje ya tukio linaloshtakiwa, isipokuwa mahakama itoe ruhusa baada ya kuombwa. Hoja ni ile ile ya mwizi wa ng'ombe, imegeuzwa tu. Kwamba mwanamke aliwahi kukubali mara nyingine, kwa mtu mwingine, hakuthibitishi kwamba alikubali siku hiyo.

Baada ya hukumu ya hatia, mambo hubadilika. Kile kilichofungiwa nje huitwa ndani rasmi: mwendesha mashtaka huulizwa kama mtu huyu ana rekodi, naye hujibu ama kwa kuitoa, ikithibitishwa kwa nakala ya mahakama au alama za vidole, ama kwa kusema achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza. Sasa kazi ya rekodi ni kupima adhabu, na kwa kazi hiyo ni halali. Katika kesi ya madai mambo hugeuka tena. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinafanya hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa uthibitisho usiopingika kwamba mtu alitenda kosa hilo, kwa hiyo dereva aliyetiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu hawezi kurudi katika kesi ya fidia akakana. Anachoweza kufanya ni kudai kwamba na majeruhi alichangia ajali.

Sasa nije kwenye uvujaji nilioutaja. Kanuni za kufungia nje rekodi na tabia zilikomazwa Uingereza kwa ajili ya mahakama zenye baraza la wazee, yaani raia wa kawaida ambao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji aliwatoa wazee nje, akausikiliza ubishi juu ya rekodi, akaikataa, wazee wakarudi bila kujua kilichosemwa. Kenya haina baraza hilo, na hata wazee wa mahakama waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa mwaka 2007. Hakimu anayeamua kama rekodi isikike ndiye atakayeamua hatia. Hawezi kujitoa mwenyewe nje ya chumba.

Tena hahitaji hata kusubiri ubishi huo. Kifungu cha 123A cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamwelekeza anaposikiliza ombi la dhamana azingatie, pamoja na mambo mengine, tabia ya mshtakiwa, historia yake, watu anaoambatana nao, na jinsi alivyotimiza masharti ya dhamana za zamani. Hilo ni sawa kwa kazi ya dhamana, kwa sababu swali hapo ni kama mtu atarudi mahakamani. Hati ya kiapo ya mpelelezi itasema kwamba mshtakiwa ana kesi mbili nyingine, kwamba wakazi wanamwogopa, kwamba habari za kijasusi zinamhusisha na genge. Katika karatasi moja yamekusanyika yote matatu tuliyoyajadili, maneno ya kusikia, rekodi na sifa za mtaani, na yote yanaruhusiwa kuzingatiwa. Miezi michache baadaye, katika kituo chenye hakimu mmoja, mtu yule yule aliyeisoma karatasi hiyo anaketi kusikiliza kesi yenyewe na kutakiwa asiijue.

Najua jibu la kawaida: mahakimu wamefunzwa, wanaweza kutenga walichokisoma na wanachokiamua. Baadhi wanaweza. Lakini mfumo unaoamini kwamba jaji wa mauaji lazima aandike kwamba amejitahadharisha juu ya kauli ya marehemu hauna sababu ya kuamini kwamba hakimu wa wizi hahitaji kujitahadharisha juu ya hati ya kiapo aliyoisoma yeye mwenyewe. Pale kituo kina mahakimu wawili au zaidi, ombi la dhamana linalobishaniwa kwa misingi ya tabia lipelekwe kwa yule ambaye hatasikiliza kesi, na hati zake zikae katika jalada dogo lililotengwa na jalada la kesi. Pale hakimu ni mmoja, upande wa mashtaka utakiwe kubana hati ya kiapo katika mambo yanayohusu kutoroka na kuingilia mashahidi, bila orodha ya kila tuhuma ambayo mshtakiwa hajatiwa hatiani kwayo, na hukumu ya mwisho iseme waziwazi ni ushahidi upi uliomtia hatiani, ili jaji wa rufaa aweze kuisoma na kuona kama hatia inasimama bila karatasi ile ya dhamana.